Mkato na nukta kwenye ankara ya kahawa iendayo Urusi

Kahawa ya arabika ya Kalinzi na Matyazo, mkoani Kigoma, ikipata mnunuzi Urusi, wakala wa forodha wa mnunuzi huyo huomba tafsiri ya Kirusi ya ankara ya biashara na ya tamko la forodha lililotolewa hapa nchini. Sheria ya forodha ya huko inaruhusu nyaraka za lugha ya kigeni, lakini afisa ana haki ya kudai tafsiri, na akiidai wakati kontena limeshafika bandarini, gharama za kulihifadhi zinahesabiwa kila siku. Ni bora tafsiri itangulie.

Wauzaji wengi hudhani ugumu uko kwenye maneno. Maneno ni machache na hujirudia. Kinachonipa wasiwasi zaidi ninapokagua tafsiri ni tarakimu, kwa sababu mtafsiri huziona kama kitu kisichohitaji kutafsiriwa, akazinakili zilivyo.

Tuchukue mfano. Chama cha ushirika kinauza magunia 320 ya kilo 60. Ankara inasema uzito halisi ni 19,200 kg, bei ni dola 5.25 kwa kilo, jumla ni dola 100,800.00. Sisi tunatenga maelfu kwa mkato na desimali kwa nukta. Warusi hutumia mkato kwa desimali, na maelfu huyatenga kwa nafasi tupu. Kwa hiyo «19,200 кг» mbele ya msomaji wa Kirusi ni kilo kumi na tisa na gramu mia mbili. Andiko sahihi ni hili:

```
Вес нетто: 19 200,00 кг
Цена за 1 кг: 5,25 долл. США
Итого: 100 800,00 долл. США
```

Afisa hatadhani kweli kwamba kontena zima lina kilo 19, lakini ataona uzito wa ankara haulingani na ule wa hati ya shehena, na hiyo inamtosha kuomba maelezo kwa maandishi. Angalieni pia ile nafasi tupu kati ya 19 na 200. Ikiandikwa kwa nafasi ya kawaida, kompyuta inaweza kuacha 19 mwisho wa mstari na kuipeleka 200 mstari unaofuata. Kwenye programu ya Word, bonyeza Ctrl+Shift+Space ili tarakimu zishikamane.

Hata asiyejua Kirusi anaweza kukagua. Zidisha magunia kwa 60, lazima upate uzito halisi, yaani «нетто». Zidisha uzito huo kwa bei, lazima upate jumla. Kisha toa uzito halisi kwenye uzito pamoja na vifungashio, yaani «брутто», ugawe kwa idadi ya magunia. Katika mfano wetu, brutto ni 19 520, tofauti ni 320, sawa na kilo moja kwa gunia tupu, na hiyo inaingia akilini kwa gunia la katani. Ukipata gramu 10 au kilo 12, kuna tarakimu iliyoruka au iliyokosewa.

Kichwa cha ankara nacho kina mtego. Kamusi nyingi hutoa «счёт-фактура», lakini nchini Urusi hiyo ni hati ya kodi ya ongezeko la thamani inayotumika baina ya wafanyabiashara wa ndani. Ankara yetu iitwe «коммерческий инвойс». Bidhaa ielezwe «кофе нежареный, с кофеином», yaani kahawa isiyokaangwa na ambayo haijaondolewa kafeini, kwa sababu ndivyo kifungu 0901.11 cha orodha ya forodha ya kuainisha bidhaa kinavyoitofautisha. Ukiandika «kahawa ya kijani» peke yake, afisa hajui kama kafeini imo.

Tarakimu sita hizo za kifungu ni moja duniani kote. Zinazofuata kila nchi au umoja wa forodha una zake, kwa hiyo mtafsiri aziache kama zilivyo kwenye tamko la Tanzania, asizibadilishe zifanane na za Urusi. Kazi hiyo ni ya wakala wa kule. Vilevile FOB, yaani sharti kwamba bei inaishia mzigo ukiwa umepakiwa melini, ibaki kwa herufi zake, na jina la bandari lisidondoke: «FOB Дар-эс-Салам». Forodha ya Urusi hujumlisha nauli ya meli hadi mpakani kwake inapokokotoa thamani ya mzigo, na kwa jina hilo la bandari ndipo inapojua nauli inaanzia wapi.

Alama zilizochapwa kwenye magunia na namba ya kontena hazitafsiriwi. Mihuri hutafsiriwa: andika «Печать», kisha maneno yaliyomo ndani yake. Na ankara ikirekebishwa baada ya tafsiri kukamilika, hata kama ni gunia moja lililopunguzwa, tafsiri iandikwe upya na kusainiwa tena na mtafsiri. Tarakimu iliyosahihishwa kwa kalamu juu ya tafsiri haina mtu anayeidhamini, na afisa ana kila sababu ya kuikataa.