Picha ya Kikokotoo na Masafa ya Uhakika: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Tuseme mtu amepima pakiti 16 za sukari zilizoandikwa gramu 1000, akaingiza uzito kwenye kikokotoo cha sayansi, akapiga picha ya skrini na kukutumia kwa simu. Anataka kujua wastani wa shehena yote, akiwa na uhakika wa asilimia 95. Picha inaonyesha hivi:

```
x̄   = 994
Σx  = 15904
σ²x = 135
σx  = 11.619
s²x = 144
```

Dhana: σx ndiyo ya kutumia, kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Kikokotoo hutoa mikengeuko sanifu miwili, yaani vipimo vya jinsi namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. `σx` hugawanya kwa n, yaani idadi ya vitu vilivyopimwa, na inafaa pale ulipopima kila kitu kilichopo. `sx` hugawanya kwa n − 1, na hiyo ndiyo ya sampuli. Hapa tuna pakiti 16 tu kati ya nyingi, kwa hiyo tunaitaka `sx`. Picha imekatika kabla ya kuifikia, lakini `s²x` ipo: kipeuo cha pili cha 144 ni 12.

Na n je? Nayo imekatwa, ila jumla ukiigawanya kwa wastani, 15904 ÷ 994, unapata 16. Hesabu hiyo hiyo ni kipimo cha picha yenyewe. Kama jibu lingekuwa 15.7, ungejua kuna tarakimu iliyosomwa vibaya au nukta iliyofichwa na mwanga wa skrini, na ungeomba picha nyingine kabla ya kuendelea. Kuna kipimo cha pili: `σx` haiwezi kamwe kuizidi `sx`. Ukiona imeizidi, umebadilisha mistari.

Dhana: kwa asilimia 95, zidisha kwa 1.96 basi.

Namba 1.96 inafaa pale mkengeuko wa shehena nzima unapojulikana, au sampuli inapokuwa kubwa. Sisi tumeukadiria mkengeuko kutoka kwenye pakiti hizi hizi 16, na kadirio hilo nalo lina wasiwasi wake. William Gosset, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alilishughulikia tatizo hili la sampuli ndogo na kuchapisha jibu mwaka 1908 kwa jina la “Student”. Kwenye jedwali lake la t, kwa digrii huru 15 (16 toa 1), tunachukua 2.131. Tunagawanya mkengeuko kwa kipeuo cha pili cha n, tunazidisha kwa 2.131, kisha tunatoa na kujumlisha kwenye wastani ili kupata ncha mbili za masafa ya uhakika:

```
12 ÷ √16 = 3
2.131 × 3 = 6.4
994 − 6.4 = 987.6
994 + 6.4 = 1000.4
```

Sasa jaribu njia ya mkato: 1.96 × 3 ni 5.9, na masafa yanakuwa 988.1 hadi 999.9. Gramu 1000 imetoka nje! Muuzaji angetuhumiwa kupunja kwa sababu tu mkokotoaji alichukua namba isiyomhusu. Tofauti ni nusu gramu kila upande, na imegeuza hukumu.

Dhana: asilimia 95 ya pakiti zina uzito kati ya 987.6 na 1000.4.

Hili ndilo kosa linalosikika zaidi. Masafa haya yanauzungumzia wastani, siyo pakiti moja moja. Pakiti zenyewe zimetawanyika zaidi: kwa mkengeuko wa gramu 12, nyingi zitakuwa kati ya 970 na 1018 hivi, kama uzito wake umejipanga kwa umbo la kengele.

Dhana: kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani wa kweli umo humu.

Wastani wa kweli haurukiruki. Uko mahali pamoja, ama ndani ama nje. Kinachobadilika ni sampuli. Ukichota pakiti 16 mara nyingi na kila mara ukatengeneza masafa kwa njia hii, takriban 95 kati ya kila 100 yatakuwa yameushika. Kwa muuzaji ningesema hivi: “Kwa pakiti hizi, wastani wa shehena unakadiriwa kuwa kati ya gramu 987.6 na 1000.4, kwa njia ambayo hupatia mara 95 katika 100.” Sharti ni kwamba pakiti zilichaguliwa kwa bahati nasibu. Kama zote zilitoka katoni moja ya juu, hakuna hesabu itakayoliokoa jibu.

Dhana: 1000 imo ndani, basi pakiti zina uzito kamili.

Hapana. Na 990 imo ndani pia. Sampuli hii haiwezi kuzitenganisha namba hizo mbili. Ukitaka kupunguza upana kwa nusu, unahitaji takriban mara nne ya pakiti. Kwa pakiti 64, kama wastani na mkengeuko vingebaki vilevile, masafa yangekuwa 991 hadi 997, na hapo muuzaji angekuwa na maswali ya kujibu.