Kuacha sigara kabla ya upasuaji: kwa nini wiki 4?

Mvutaji akipangiwa upasuaji usio wa dharura, huambiwa aache sigara mapema, angalau wiki 4 kabla ya siku yenyewe. Wengi hulielewa hilo kama katazo la kawaida la daktari, sawa na kuambiwa upunguze chumvi. Lakini wiki hizo 4 zina hesabu yake, kwa sababu madhara ya moshi hayaondoki mwilini yote kwa pamoja. Mengine huisha kwa saa, mengine kwa wiki.

Tumchukue dereva wa miaka 52, anayemaliza pakiti moja kwa siku. Ana ngiri ya kinena na amepangiwa kupasuliwa tarehe 30 Juni.

Tuanze na lile linaloondoka upesi. Moshi wa sigara una kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Gesi hii huing'ang'ania damu kuliko oksijeni inavyoweza, ikakalia nafasi yake. Akiwa macho dereva wetu haoni tofauti. Akilazwa kwa dawa ya usingizi, akiba yake ya oksijeni ni ndogo, na moyo unalazimika kufanya kazi zaidi. Ubaya ni kwamba kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiitofautishi vizuri gesi hiyo na oksijeni, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 98 wakati hali halisi iko chini. Mtu akikaa hewa safi, gesi hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 4 au 5 hivi. Ndiyo maana hata aliyeshindwa kuacha mapema anafaidika asipovuta siku moja kabla, na ndiyo maana ile "moja tu ya kutuliza roho" asubuhi ya upasuaji ndiyo mbaya kuliko zote.

Mapafu yanachukua muda zaidi. Njia za hewa zina vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi kwenda juu, na moshi huvilemaza. Makohozi yakibaki chini, nimonia baada ya upasuaji iko karibu. Tena koo la mvutaji ni jepesi kushtuka: daktari wa usingizi akiingiza mpira wa kupumulia, au akiutoa, njia ya hewa inaweza kujibana ghafla. Vinyweleo huhitaji wiki kadhaa kurudi kazini. Katika siku za mwanzo za kuacha, wengine hukohoa zaidi, na hapo ndipo ulipotoka ule ushauri wa zamani kwamba kama umechelewa, bora uendelee kuvuta. Tafiti za baadaye hazikuonyesha kwamba kuacha siku chache kabla kunaleta madhara. Kwa dereva wetu kikohozi kina maana ya pekee, kwa sababu kila akikohoa kwa nguvu anaukaza mshono ulioziba ngiri yake.

Kisha kidonda. Nikotini hubana mishipa midogo, ngozi ikapata damu kidogo, na moshi hudhoofisha chembe nyeupe zinazoua vijidudu. Mwaka 2003 watafiti wa Denmaki walichapisha jaribio ambamo watu wa kujitolea walichanjwa vidonda vidogo kwa makusudi. Vidonda vya waliovuta viliingia vijidudu kwa asilimia 12, vya wasiowahi kuvuta kwa asilimia 2. Walioacha kwa wiki 4 walipata maambukizi machache kuliko walioendelea, na bandiko la nikotini la ngozini halikuwaharibia. Hili la bandiko huwashangaza watu: mchafuzi mkuu ni moshi. Asiyeweza kuacha kwa mkono mtupu amuulize daktari juu ya bandiko, asirudi kwenye sigara. Shisha nayo ni moshi, tena wenye mkaa juu yake.

Kwa hiyo dereva wetu anapaswa kuzima ya mwisho tarehe 2 Juni. Akianza Mei ni bora zaidi: mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kila wiki inayoongezeka baada ya zile 4 huboresha matokeo kwa asilimia 19. Uundaji wa nyuzi zinazofunga kidonda huchelewa kurudi kuliko kinga, ndiyo sababu wiki 4 ni kiwango cha chini. Kupunguza kutoka sigara 20 hadi 5 hakuhesabiwi kama kuacha.

Kidole tumbo kilichovimba hakisubiri wiki 4, wala saratani haiahirishwi kwa ajili ya sigara. Hapo mgonjwa anaacha siku hiyohiyo na kumwambia daktari wa usingizi ukweli: anavuta ngapi, na ya mwisho ilikuwa saa ngapi. Akificha kwa aibu, daktari hataandaa dawa za kufungua njia ya hewa mapema. Na baada ya kushonwa asivute, kwa kuwa mshono bado unaishi kwa damu ileile.