Kukataa ushirika wa boti Malindi: dhana potofu na ukweli

Msimu wa kaskazi, hoteli za Malindi zikiwa zimejaa, kampuni moja ya utalii ilitujia na ombi. Sisi tuna boti nne, mbili kati yake ni za kioo, na tunapeleka wageni kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu 1968. Wao wana wageni wengi na boti chache. Walitaka tuunganishe safari, jina letu liwekwe kwenye mabango yao, na tugawane mapato. Aliyetukutanisha ni mzee tunayemwita mjomba, mtu wa heshima kubwa hapa mjini.

Kabla ya kujibu niliomba kupanda safari yao moja kama mgeni wa kawaida. Kibao cha boti kiliandikwa abiria 12, nikahesabu 19. Jaketi za kuokolea zilikuwa saba, zimefungwa kwa kamba chini ya benchi. Tulipofika, boya la kufungia boti lilikuwa wazi, hata hatua ishirini hazikufika, lakini nahodha akatupa nanga pale pale tulipokuwa. Nikavaa miwani ya maji nikatazama chini. Nanga ilikuwa imekwama kwenye matumbawe yenye matawi kama pembe, na kila boti ilipogeuka na mkondo mnyororo ulifagia mengine. Palipovunjika palikuwa peupe kama chokaa mpya.

Niliporudi ufukweni nilikuwa nimeshaamua. Jinsi ya kukataa ndiyo iliyonisumbua, maana kila niliyemuuliza alinipa ushauri ambao sasa najua si sahihi.

“Usiseme kitu. Wakiona kimya wataelewa.”

Huku kwetu kimya huonekana ni adabu, hasa mtu wa heshima akiwa katikati. Lakini katika biashara kimya huachia upande wa pili kujaza nafasi. Kwa kawaida kunyamaza peke yake si kukubali. Hata hivyo, ukinyamaza huku ukitenda kama mtu aliyekubali, mambo hubadilika. Siku mbili baada ya mazungumzo yetu ya kwanza walituma shilingi 30,000 kwa M-Pesa, wakasema ni za mafuta ya kuanzia. Karani wetu alijibu “tumepokea, asante”. Pesa ile ingekaa mwezi mzima kwenye akaunti yetu, na boti yetu moja ikabeba wageni wao hata siku moja, ingekuwa vigumu kusema hatukukubaliana. Makubaliano ya mdomo nayo yanaweza kufunga, na haya yangekuwa na pesa na vitendo vya kuyathibitisha.

Kwa hiyo cha kwanza ni kurudisha ulichopokea: pesa yote, kwa njia ile ile iliyoingia, na namba ya muamala uitunze. Cha pili ni kumwendea aliyewakutanisha kabla barua haijafika. Nilikwenda kwa mjomba baada ya swala ya alasiri, nikamwamkia, nikamweleza nilichoona bila kuongeza neno. Aliumia kidogo. Angeumia zaidi lau angesikia habari hiyo barazani.

“Toa udhuru. Sema boti zimeharibika au mtaji hautoshi.”

Ushauri huu niliufuata, na ndio ulionigharimu zaidi. Nilipiga simu nikasema boti mbili zinahitaji matengenezo. Baada ya siku tatu walirudi na jibu zuri kabisa: watagharamia fundi, na tutalipa kidogo kidogo kutoka kwenye mapato. Udhuru wa uongo humpa mwenzako tatizo la kutatua, naye akishalitatua, huna pa kusimama. Ama unatunga udhuru wa pili, ama unajikuta umekubali.

Sababu ya kweli haina mlango wa nyuma wa namna hiyo. Ukisema “hatupakii zaidi ya idadi ya leseni”, hakuna pesa inayoweza kulijibu neno hilo. Kinacholijibu ni boti zao kupakia watu 12.

“Basi waandikie makosa yao yote, wajue.”

Hapa watu wenye hasira njema hukosea. Barua ya kukataa haina kazi ya kuhukumu. Ukiandika kwamba kampuni ni ya wavunja sheria au wahatarishi wa maisha, umeandika tuhuma utakazotakiwa kuzithibitisha, na barua hiyo inaweza kusambazwa dhidi yako. Andika kiwango chako, ulichokiona kwa macho yako, siku uliyokiona, na uamuzi wako. Yetu ilikuwa hivi:

*“Bwana Mkurugenzi, assalaam aleikum. Tunakushukuru kwa ombi lako na kwa kutukaribisha kwenye safari yenu. Tumeamua kutoingia katika ushirika huu. Boti zetu hazibebi abiria zaidi ya idadi ya leseni, na hazitupi nanga juu ya matumbawe. Katika safari ya tarehe 10 tuliona yote mawili yakifanyika tofauti, kwa hiyo hatuwezi kuunganisha jina letu na safari hizo. Shilingi 30,000 tulizopokea tumezirudisha leo. Orodha ya bei mliyotupatia tumeifuta na hatukumwonyesha mtu. Tunaomba jina letu na picha za boti zetu zisitumike kwenye matangazo yenu.”*

Kila sentensi hapo ina kazi. Neno “tumeamua” linafunga mazungumzo, ilhali “kwa sasa hatuko tayari” lingewarudisha msimu ujao. Chupa za plastiki nilizoziona kwenye boti yao sikuzitaja, ingawa zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu Juni 2020. Sababu mbili nzito zilitosha, na ya tatu ingeigeuza barua kuwa orodha ya lawama.

Kuna jambo moja la kutenganisha na barua. Boti iliyozidisha abiria ni hatari kwa watu, na hilo lina wahusika wake: Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ndiyo inayokagua na kutoa leseni za boti ndogo, na Shirika la Wanyamapori kwa yanayotokea ndani ya hifadhi. Kutoa taarifa huko ni haki yako, ila usiiweke kwenye barua kama kitisho. Tishio lingeonekana kama njia ya kutafuta masharti mazuri zaidi.

“Ingia kwanza, utawabadilisha ukiwa ndani.”

Dhana hii nilikuwa naipenda mwenyewe. Lakini mkishaunganisha mapato, kila mgeni unayemshusha kwenye boti iliyojaa ni pesa inayotoka mifukoni mwenu wote, na wewe ndiye unayeonekana mkorofi. Wakati huo nanga haingoji mkubaliane. Matumbawe yale makubwa ya mviringo hukua takriban sentimita moja kwa mwaka.

Mkurugenzi alinipigia simu akauliza, “Kaka, mkitaka tubadilike, mnataka nini?” Nilimjibu kwamba mlango wa mazungumzo utafunguka baada ya safari tatu nitakazopanda bila kuwaarifu, zote ziwe na abiria wa leseni na zifungwe kwenye boya. Kabla ya hapo, hakuna mkataba wala majaribio. Hajaniita tena.

Wiki mbili baadaye nilipita karibu na ofisi yao, nikakuta picha ya boti yetu ya kioo bado iko kwenye bango. Niliipiga picha, nikamtumia pamoja na ile sentensi ya mwisho ya barua. Jioni hiyo hiyo waliibandua.