Maumivu ya shingo yanaposhuka hadi kiganjani

Mgonjwa mmoja wa makamo alinijia akilalamikia mkono wake wa kulia, si shingo. Kwa wiki tatu maumivu yalikuwa yakianzia chini ya shingo, yakipita nyuma ya bega na kushuka upande wa ndani wa mkono kama shoti ya umeme hadi kidole cha mwisho, na asubuhi ile funguo zilikuwa zimemponyoka mara mbili.

Shingo ina pingili 7 lakini jozi 8 za mizizi ya neva. Kila mzizi hupita kwenye kitundu chembamba kilichopakana na diski kwa mbele na kiungo kidogo cha pingili kwa nyuma, kwa hiyo diski ikituna, au mfupa ukiota pembeni mwa kiungo kadiri umri unavyosonga, mzizi hubanwa na kuvimba. Ubongo huzipokea ishara zake kana kwamba zimetoka kwenye ngozi na misuli inayohudumiwa na mzizi huo, ndiyo maana mtu husugua mkono ambao wenyewe hauna kasoro. Mzizi wa 8, unaotokea chini ya pingili ya 7, huchangia sana misuli inayokunja vidole, na ukibanwa mshiko hulegea.

Nilimwomba ainue uso kidogo na kuinamisha kichwa kulia, kisha nikakandamiza utosi taratibu. Shoti ikashuka mkononi, kwa kuwa mkao huo huzidi kukibana kitundu. (Jambo hili lisijaribiwe nyumbani.) Alipoweka kiganja cha mkono unaouma juu ya kichwa maumivu yalipungua, maana mkono ukiinuliwa hivyo mzizi hupata ahueni.

Hata hivyo, neva ikibanwa kwenye kiwiko nayo hutia ganzi kidole cha mwisho, na hapo ndipo wengi hukosea. Ganzi ya kiwiko kwa kawaida huishia karibu na kifundo cha mkono, ilhali yake ilipanda hadi kwenye kigasha. Tena alishindwa kukunja ncha ya gumba kwa nguvu, kazi ambayo neva ile ya kiwiko haihusiki nayo.

Picha ya MRI ilionyesha diski iliyotuna mahali hapohapo. Mimi siiamini picha peke yake, kwa sababu diski za namna hiyo huonekana hata kwa watu wasioumwa. Kwa kuwa udhaifu wake haukuwa ukiongezeka, tulianza na dawa za maumivu na mazoezi ya viungo, kwani wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa bila upasuaji. Nilimwonya arudi mara moja iwapo nguvu zingezidi kupungua, mikono yote miwili ingepoteza wepesi, miguu ingeyumba au mkojo ungemsumbua, kwani dalili hizo tatu za mwisho huashiria kwamba kinachobanwa ni ugwe mgongo wenyewe.

Wiki ya 8 maumivu yalikuwa yamekwisha, ila gumba lilikuwa bado legevu kidogo. Nguvu huchelewa kurudi.