Mtungi wa Gesi Utakaa Siku Ngapi? Dhana Potofu na Ukweli wa Hesabu Yake

Dhana: "Mtungi wa kilo 6 hukaa mwezi mmoja."

Kauli hii husikika sana katika maduka ya gesi ya Ngamiani na Chumbageni jijini Tanga, na mteja huipokea kana kwamba mwezi ni sifa ya mtungi wenyewe. Ukweli ni kwamba mtungi haubebi siku bali hubeba nishati, na idadi ya siku huamuliwa na jiko pamoja na mpishi. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na kilo moja yake ikiungua vizuri hutoa nishati ya takribani megajuli 46, ambayo ni sawa na kilowati-saa 12.8. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 una kilowati-saa 76.8, na ule wa kilo 15 una 192. Kilo hizo ni za gesi pekee. Uzito wa chuma ni jambo jingine, nao huandikwa kwenye mtungi wenyewe, aghalabu kwenye kola inayozunguka vali, ili mnunuzi aweze kuutoa katika uzito wa jumla mtungi unapowekwa kwenye mizani.

Upande wa pili wa hesabu ni nguvu ya kichomeo, inayoandikwa kwa kilowati kwenye kibati kilichobandikwa ubavuni au chini ya jiko. Kichomeo cha kilowati 1 kikiwaka kwa saa moja hutumia kilowati-saa 1, yaani takribani gramu 78 za gesi, na kile cha kilowati 3 hutumia kiasi cha gramu 234. Zidisha kilo za gesi kwa 12.8, kisha gawanya kwa kilowati-saa zinazotumika kwa siku, nawe utapata idadi ya siku. Baadhi ya vibati huandika gramu kwa saa badala ya kilowati, na hapo kazi huwa nyepesi zaidi, kwa sababu unagawanya gramu kwa gramu bila kupitia nishati kabisa.

Dhana: "Chukua nguvu iliyoandikwa kwenye jiko, zidisha kwa saa unazopika."

Hapa ndipo wengi wanaojaribu hesabu hupotea, kisha wakaitupa wakisema kwamba namba hazina ukweli. Tuchukue familia moja ya kufikirika yenye jiko la vichomeo viwili, kikubwa cha kilowati 3 na kidogo cha kilowati 1.5. Mama wa nyumba anasema kwamba hupika saa tatu kwa siku. Ukizidisha saa tatu kwa kilowati 3 utapata kilowati-saa 9 kwa siku, na mtungi wa kilo 6 ungeisha siku ya tisa. Lakini mtungi wake hukaa wiki tatu. Tofauti hiyo haitokani na kanuni, bali imeletwa na mambo mawili yaliyoingizwa vibaya.

La kwanza ni kwamba saa tatu za jikoni si saa tatu za moto. Ndani yake mna kukuna nazi, kupara samaki na kuchambua mchele, na muda huo wote kichomeo kimezimwa. La pili ni kwamba namba ya kibati ni ya moto uliofunguliwa mpaka mwisho. Moto ukipunguzwa, gesi inayopita hupungua pia, na katika majiko mengi ya nyumbani moto wa chini kabisa hutumia kati ya robo na theluthi ya nguvu iliyoandikwa. Kwa sababu hiyo mtu anapaswa kuandika kila sufuria kivyake: kichomeo gani, moto wa namna gani, dakika ngapi.

Tuiandike siku ya familia ile kwa utaratibu huo. Asubuhi chai huchemshwa kwenye kichomeo kikubwa, moto wote, dakika 12: kilowati-saa 0.6. Mchana wali wa nazi huanza kwa moto wote dakika 12, ambazo ni 0.6 nyingine, kisha hukaushwa kwa moto mdogo wa takribani kilowati 1 kwa dakika 24, ambazo ni 0.4. Mchuzi wa samaki hukaa kwenye kichomeo kidogo nusu saa, moto wote: 0.75. Jioni bada husongwa kwenye kichomeo kikubwa kwa dakika 20, nayo ni 1.0, na mchuzi uliobaki hupashwa kwenye kichomeo kidogo kwa dakika 12, yaani 0.3. Jumla ni kilowati-saa 3.65. Gawanya 76.8 kwa 3.65, jibu ni siku 21, sawasawa na yale ambayo mama huyo anayaona jikoni kwake.

Sasa tuongeze maharage makavu, ambayo ndiyo huyumbisha hesabu ya nyumba nyingi kuliko chakula kingine chochote. Tuseme hupikwa mara mbili kwa wiki, kila mara kwa saa mbili. Yakiachwa kwenye kichomeo kikubwa kwa moto wote mwanzo hadi mwisho, kila sufuria hula kilowati-saa 6. Kwa wiki ni 12, na ukizigawa kwa siku saba, matumizi ya kila siku hupanda kutoka 3.65 hadi takribani 5.4, na mtungi huisha baada ya siku 14. Yakichemshwa kwa moto wote dakika 15 tu, kisha moto ukashushwa hadi kilowati 1 kwa muda uliobaki, sufuria hula kilowati-saa 2.5, na mtungi hufika kati ya siku 17 na 18. Maharage yanaiva kwa muda uleule katika njia zote mbili, kwa sababu maji yakishaanza kutokota hayapandi joto tena hata moto uwe mkubwa kiasi gani. Kinachoongezeka ni mvuke unaotoka na maji ya kuongezea. Siku tatu na zaidi za gesi zimo katika kuzungusha swichi ya jiko mara moja, na naona jambo hili linastahili kujulikana kuliko ushauri wote wa kubadilisha chapa ya mtungi.

Dhana: "Nusu ya joto hupotea hewani, kwa hiyo siku zigawanywe kwa mbili."

Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya joto la jiko haiingii kwenye sufuria. Hata hivyo, kupunguza siku kwa sababu hiyo ni kuhesabu upotevu mara mbili. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibati ni za gesi inayoingia kwenye kichomeo, wala si za joto linalofika kwenye chakula. Upotevu tayari umo ndani ya dakika ulizoandika: chai ilichukua dakika 12 kwa sababu sehemu ya moto ilipita pembeni mwa sufuria, na bila upotevu huo ingechukua dakika pungufu ya hizo.

Upotevu unahitajika katika hesabu pale tu unapotaka kukadiria muda wa chakula ambacho hujakipika bado. Mtu anayetaka kujua siku za mtungi kutokana na dakika alizozipima mwenyewe hana haja nao. Akitaka kuupunguza, atazame ulimi wa moto: ukivuka kitako cha sufuria na kulamba ubavu, sufuria ni ndogo kwa kichomeo hicho, na gesi hiyo inapasha hewa ya jikoni.

Dhana: "Geji ikionyesha kijani, gesi bado ni nyingi."

Ndani ya mtungi gesi imo katika hali ya kimiminika, na juu yake umo mvuke. Geji hupima msukumo wa mvuke huo, nao hutegemea zaidi joto la mtungi, na kwa kiasi mchanganyiko wa gesi, si kiasi kilichobaki. Maadamu kimiminika bado kipo, geji inaweza kusimama karibu palepale mtungi ukiwa umejaa au ukiwa umebaki robo, kisha ikaanguka ghafla mwishoni. Kutikisa mtungi hakutoi kipimo, na kuulaza ili "gesi ya chini itoke" ni hatari, kwa kuwa kimiminika kinaweza kuingia kwenye regulata na mpira na kufika kwenye moto kikiwa kingi kuliko kichomeo kinavyoweza kuchoma.

Hewa yenye unyevu ya pwani yetu hutoa ishara moja ya haki. Jiko likishawaka kwa nguvu kwa muda, kimiminika kinachogeuka mvuke hupoza chuma kinachokigusa, na jasho jembamba hujitokeza nje ya mtungi mpaka usawa wa kimiminika. Pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini, utasikia mpaka kati ya chuma cha joto na cha baridi. Ishara hii huonyesha kimo tu, haitoi kilo.

Dhana: "Hesabu ikishafanywa kwenye karatasi, imekwisha."

Namba iliyo dhaifu kuliko zote katika hesabu hii ni nguvu ya moto mdogo, kwa sababu haiandikwi kwenye kibati chochote. Kuipima kwa saa moja hakufai, maana moto wa kilowati 1 hula gramu 78 tu, na mizani nyingi za nyumbani husoma kwa hatua za gramu 50 au 100. Njia inayofaa ni kupima mtungi asubuhi moja kabla ya kuwasha jiko, baada ya kuuchomoa kwenye regulata ili mpira usivute mizani, kisha kuupima tena baada ya siku saba. Familia yetu yenye maharage ya moto mdogo inatarajiwa kutumia takribani kilo 2.4 kwa wiki. Mizani ikionyesha kilo 2.6, mtungi utakaa siku 16, na jambo la kwanza la kushuku ni kwamba ule moto mdogo si mdogo kama ulivyodhaniwa. Ikionyesha zaidi ya kilo 3 bila mapishi kuongezeka, paka povu la sabuni kwenye maungio ya regulata na mpira, na mapovu yakivimba hapo, funga vali na usiwashe moto mpaka sehemu hiyo ibadilishwe.

Kwa wale wanaotumia kichomeo kinachofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6, bila regulata ya kutuliza msukumo, namba ya kibati haitegemeki hata kwa moto wote, kwa sababu gesi hupita kwa kadiri mkono ulivyofungua vali na mtungi ulivyo na joto siku hiyo. Wao waanze na mizani ya wiki nzima, wagawe kilo 6 kwa kilo zilizotumika, kisha wazidishe kwa 7.