Jina Ochieng ni la Kijaluo: kompyuta inajuaje?

Je, kompyuta inawezaje kubashiri jina limetoka lugha gani wakati haijui hata lugha moja?

Inahesabu vipande vya herufi. Ochieng, ukiliwekea alama ya mwanzo na ya mwisho, hukatwa herufi tatutatu: `^oc`, `och`, `chi`, `hie`, `ien`, `eng`, `ng$`. Programu hupewa orodha ya majina yaliyokwisha kuandikiwa lugha zake, ikahesabu kila kipande kimetokea mara ngapi katika kila lugha. Hapo `ng$` ni ushahidi mzito, kwa sababu majina ya Kisukuma kama Masanja na Mabula, au ya Kihaya kama Rwegasira, huishia na irabu. Kijaluo kinaruhusu konsonanti mwishoni.

Shida huanzia kwenye orodha. Tuchukue mfano wa kubuni: mtu wa Mwanza amekusanya majina 1,000, yaani 800 ya Kisukuma, 100 ya Kihaya na 100 ya Kijaluo. Programu inayojibu "Kisukuma" kila mara, bila kutazama herufi hata moja, itapata asilimia 80. Ukiambiwa alama hiyo utadhani imejifunza kitu, kumbe Wajaluo na Wahaya wote imewakosa. Ndiyo maana usahihi hupimwa kwa kila lugha peke yake, tena kwa majina ambayo programu haijawahi kuyaona.

Sasa iletee programu jina Omari. Tuseme katika orodha ile majina yanayoanza na O ni 43: 40 ya Kijaluo, mawili ya Kisukuma, moja la Kihaya. Kwa herufi hiyo ya kwanza pekee, programu itasema Kijaluo, kwa uhakika wa asilimia 93. Omari asili yake ni Kiarabu, lakini Kiarabu hakimo kwenye orodha, na programu imelazimishwa kuchagua mojawapo ya zile tatu. Asilimia 93 haimaanishi kwamba jibu ni sahihi. Inalinganisha tu lugha ilizopewa. Dawa yake ni kuongeza kundi la "lugha nyingine" lenye majina halisi, na kuiruhusu programu ijibu "sijui" pale ushahidi unapokuwa hafifu.

Kuna kosa ambalo dawa hiyo haifikii. Kihaya na Kinyarwanda ni lugha za Kibantu zilizo jirani, na vipande kama `^rw` vimo katika zote mbili. Ukiiweka programu hii kwenye dirisha la kukagua uraia, mzaliwa wa Bukoba atatiliwa shaka kwa sababu ya herufi mbili. Hata ikipatia lugha, haijapata kabila wala uraia: watu hurithi majina, huolewa, hubatizwa, hupewa jina la rafiki wa baba. Kwa maoni yangu, itumike kupanga kumbukumbu za maktaba au kusaidia mashine kutamka majina vizuri. Kwenye mikopo, ajira na vitambulisho isiguswe kabisa.