Namba ya NSSF katika ajira ya kwanza: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwajiri asipoulizia namba ya NSSF, maana yake kazi yangu haihusiki.

Vijana wengi wanaoanza kazi katika hoteli, maduka na kampuni za utalii hapa Arusha na Moshi huambiwa wasubiri kwanza wamalize miezi ya majaribio, ndipo mambo ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, yazungumzwe. Ukweli ni kwamba wajibu wa kumwandikisha mfanyakazi wa sekta binafsi ni wa mwajiri, na unaanza pale ajira inapoanza. Aliye katika majaribio ni mwajiriwa, na aliye na mkataba wa mwaka mmoja ni mwajiriwa vilevile. Kinachotakiwa kwako mapema ni namba ya kitambulisho cha taifa, yaani namba ya NIDA, kwa kuwa ndiyo inayotumika kukutambua wakati wa kuandikishwa. Namba ya mlipakodi inayotolewa na TRA ni kitu kingine na haiwezi kushika nafasi ya namba ya uanachama.

Dhana: Nikishakuwa na namba, au nikiona makato kwenye hati ya mshahara, basi michango inaingia.

Hapa ndipo watu huumia zaidi, kwa sababu namba huonyesha tu kwamba umeandikishwa, na hati ya mshahara huonyesha tu kwamba umekatwa. Kama fedha imefika, hilo litaonekana kwenye taarifa ya michango ya mwanachama peke yake.

Tuchukue mfano wa binti aliyeajiriwa mapokezi katika hoteli moja mjini Arusha kwa mshahara wa shilingi 400,000. Mchango kwa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kwa hiyo binti huyu akatwe shilingi 40,000, mwajiri aongeze 40,000 kutoka mfukoni mwake, na kila mwezi shilingi 80,000 ziingie kwa jina lake. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa mshahara kuisha kuwasilisha fedha hiyo, hivyo mchango wa Machi usipoonekana mwanzoni mwa Aprili bado si kosa, lakini ukikosekana mwezi Mei kuna jambo la kuuliza.

Akikuta Januari hadi Aprili hakuna kitu, na hati zake nne zote zinaonyesha makato, aanze kwa kumwandikia mhasibu au mwajiri ujumbe mfupi wenye tarehe, akiomba namba yake ya uanachama na uthibitisho wa michango ya miezi hiyo. Nasisitiza maandishi, kwa kuwa maneno ya mdomo hayaachi kumbukumbu. Asipojibiwa, aende ofisi ya NSSF ya mkoa akiwa na namba ya NIDA, mkataba, hati za mshahara na taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha malipo. Asiyepewa mkataba wala hati asikate tamaa, kwani miamala ya mshahara, kitambulisho cha kazi na jina lake kwenye ratiba ya zamu husaidia kuthibitisha ajira. NSSF ina maofisa matekelezo wanaokagua waajiri, na Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri malimbikizo pamoja na adhabu ya kuchelewesha.

Hofu ya kufukuzwa ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Anayeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, lakini kinga ya sheria ya kazi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo. Aliye ndani ya miezi hiyo ni vizuri akusanye vielelezo vyake kwanza na kuomba ushauri wa ofisi ya Mfuko kabla ya kugombana na mkubwa wake kazini.

Dhana: Mimi bado kijana, na pensheni ni ya wazee.

Pensheni ya uzeeni inahitaji angalau miezi 180 ya michango, na miezi iliyopotea mwanzoni ni vigumu kuifidia. Hata hivyo lipo la karibu zaidi: fao la uzazi humtaka mwanachama awe amechangia angalau miezi 36, na kati yake 12 iwe ndani ya miezi 36 kabla ya kujifungua. Binti wa mapokezi akipoteza mwaka mmoja wa michango, anaweza kujikuta hafikishi kiwango hicho wakati anapokihitaji.

Dhana: Kila kazi mpya ina namba mpya.

Namba ni moja kwa maisha yote. Ukihamia kwa mwajiri wa Moshi, mpe ileile. Na kama tayari umepewa mbili, omba ofisi ya NSSF iunganishe michango yako mapema, maana kuchelewa kuunganisha huchelewesha malipo siku ya kudai fao.